Barua ya Mjomba Shaaban kwa Marehemu

Safiya alikuwa akipanga mitumba kwenye kibanda chake sokoni Tala picha ilipoingia kwenye simu. Ilitoka kwa Zamzam, binamu yake aliyeko Leicester. Ilikuwa barua ya mkono, na chini yake Zamzam ameandika, "Baba anasubiri jibu kila siku. Nisaidie."

Safiya akaikuza picha kwa vidole. Mwandiko wa Mjomba Shaaban ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Kwa Mwanaasha, dada yangu mchokozi. Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Bado unaunguza chapati? Yule mbuzi mwizi yuko? Mvua imenyesha?"

Mwanaasha, mama yake Safiya, alikuwa amezikwa miaka mitatu iliyopita. Mjomba alijulishwa, akalia, kisha akili ikaanza kumpotea na habari hiyo ikapotea nayo.

Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa. Safiya akaomba apigiwe picha nyingine, karatasi nzima. Ilipofika akausoma: "Na ule mguu wako, unakuuma bado?"

Akafunga kibanda mapema, akaenda nyumbani.

Mara ya kwanza aliandika kama mama. Alipofika kwenye jina la kutia sahihi, kalamu ikakataa. Akachana. Ya pili ilikuwa ya msiba mtupu, nayo akaichana, kwa sababu mtu aliyeandika kwa utani hawezi kujibiwa kwa matanga. Akaweka barua ya mjomba mbele yake, akajibu swali moja baada ya jingine, kwa herufi kubwa ili macho ya mzee yasihangaike.

"Kwa Mjomba wangu mpenzi. Ni mimi Safiya, binti wa dada yako mchokozi. Mvua imenyesha, mahindi yamefika magotini. Yule mbuzi aliliwa Idd, na hata kwenye sufuria alikuwa mkaidi. Chapati sasa naunguza mimi, nimerithi. Mama alikuwa akikutaja kila akicheka. Mguu haumsumbui tena, Mjomba. Amepumzika. Tunakupenda sana."

Akaipiga picha mlangoni, penye mwanga, akahakikisha pembe zote nne zinaonekana, akaituma.

Jioni Zamzam akapiga simu. "Amecheka hapo kwa mbuzi," alisema. "Kisha akarudia hapo kwa mguu mara tatu. Akaniuliza, 'Kumbe ameenda?' Sikuweza kudanganya."

"Nimemuua mama mara ya pili," Safiya akasema.

"Hapana, dada. Ameomba karatasi."

Kesho yake ikaja picha nyingine. Mistari miwili tu. "Safiya mwanangu, poleni. Nani alimzika dada yangu, na mimi nilikuwa wapi?"

Machozi ya Safiya yakadondokea karatasi, ikabidi achukue nyingine.

"Mjomba mpenzi," aliandika, "tulimzika sisi watoto wake na majirani. Nawe ulikuwepo. Kaka yangu Hanif alikupigia simu, akaishikilia pale kaburini, ukasoma Fatiha pamoja nasi mpaka mwisho."