Kioo cha Nyuma

Mwalimu wa jimu yetu tunamwita Kifua, maana kifua chake hutangulia kuingia mlangoni, mwenyewe akafuata. Wanafunzi wake walipoanza kulalamikia mabega, huku wamejikunja kama watu wanaotafuta sindano sakafuni, mwenye jimu aliniita mimi, mtaalamu wa viungo, niikague programu yake ya mazoezi.

Nikajumlisha seti za wiki. Za kusukuma zilikuwa tele, za kuvuta hazifiki hata robo yake. Nyuma ya mapaja na makalio, patupu.

"Kuvuta mbona kupo, dada?" Kifua akabisha. "Nikishusha chuma kifuani, si nakivuta?"

"Kinashuka chenyewe, kaka. Misuli ile ile ya kusukuma ndiyo inayokizuia kisikuangukie. Na miguu je?"

Akanionyesha kwa fahari mashine ya kunyoosha goti.

"Hiyo ni mbele ya paja. Nyuma?"

Akajitazama kwenye kioo kikubwa kilicho mbele yake. "Nyuma anaiona nani?"

Nikachukua kalamu nisije nikatukana. Nikapunguza kusukuma, nikaongeza kuvuta vyuma kuelekea tumboni, na kuinama kuanzia nyonga, chuma mkononi, mgongo ukiwa umenyooka. Mwezi mzima hakuna aliyegusa zoezi jipya hata moja. Nikachoka, nikamwambia mwenye jimu atundike kioo cha pili, ukuta wa nyuma.

Siku hizi mazoezi ya nyuma yana foleni. Kifua ndiye wa kwanza, anainua chuma huku kichwa amekigeuza kama bundi, ayatazame makalio yake.

Jana walinirudia wote. Sasa zinawauma shingo.