Pazia Halitoki kwa Picha

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia. Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki kwa Mungu na kwa kampuni ya simu iliyomtunzia vijisenti vyake. Marehemu mumewe alimwachia cherehani ya miguu na wifi mwenye mdomo, na kwa viwili hivyo akapanga chumba kinachotazama barabara, akaanza kushona.

Siku hizi wateja wengi hawakuja kwa miguu. Walikuja kwa ujumbe, kupitia ukurasa wa mtandaoni aliouendesha wifi kwenye simu yake kubwa. Mteja anatuma vipimo vya dirisha, anachagua rangi kwenye picha, analipa kwa simu, mwenye pikipiki anampelekea. Sheria ya chumba ilikuwa moja: mzigo uliolipiwa hufungwa kwa uzi mwekundu, usiolipiwa hufungwa kwa uzi mweupe. Mwenye pikipiki hakuwa mtu wa maswali. Akiona wekundu, anapakia.

Asubuhi hiyo Mama Mapazia alikuwa amepiga magoti sakafuni akipima pindo, pini tatu mdomoni.

"Wifi, leo Mungu katukumbuka," wifi alisema. "Yule dada wa seti ya samawati kalipa. Tena kapitiliza."

Mama Mapazia alitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Kapitiliza vipi?"

"Laki nne na themanini badala ya mbili na themanini. Amekosea kubonyeza, maskini. Ametuma na picha ya muamala." Akasoma ujumbe kwa sauti: "Dada zangu, nirudishieni laki mbili kwenye namba ya kaka yangu, ya kwangu inasumbua. Mtoto yuko hospitali, nahitaji sasa hivi. Mapazia mwenye pikipiki aniletee, nitamkuta kituo cha mafuta."

"Mtoto yuko hospitali, naye ananunua mapazia?"

"Wifi, usiwe na moyo wa jiwe. Hata kwenye simu yako umeingia ujumbe, nimeusikia ukilia. Weka tu namba ya siri tumrudishie mtu chake. Dhambi ya nini?"

Neno dhambi lilimchoma Mama Mapazia, kwani hakuwa mtu wa kula cha mtu. Lakini kwenye simu yake ndogo palikuwa na laki mbili na elfu kumi, kodi ya chumba, na mwenye nyumba angeifuata Ijumaa bila kukosa. Ile seti ya samawati nayo ndiyo mtaji wote uliobaki. Vikitoka vyote viwili, cherehani itarudi kulala kando ya kitanda.

Akavaa miwani, akafungua ujumbe. Ulisema amepokea 480,000 na salio lake jipya ni 512,300.

"Hii namba ni ya nani?" aliuliza.

"Ya kampuni, si unaona wameandika wamepokea?"

"Kampuni haijawahi kuniandikia kwa namba ya mtu. Ujumbe wake huja kwa jina lake, na wote umepangana pale pale, wa jana chini ya wa juzi. Huu umekuja peke yake kama mgeni asiyealikwa." Akahesabu kwa kidole kwenye kitambaa, kama anavyohesabu marinda. "Na nilikuwa na mbili na kumi. Ongeza nne na themanini. Ni ngapi?"

Wifi alikunja uso. "Sita na tisini."

"Wao wanasema tano na kumi na mbili. Niletee hiyo picha."

Picha ilikuwa safi, ina alama ya tiki, tarehe na saa. Kwenye nafasi ya mpokeaji palisomeka: MAMA MAPAZIA.

Mama Mapazia alicheka kwa pua. "Kampuni inanijua hivi? Mtu akinitumia pesa, anaona jina la kitambulisho. Huyu kaliokota jina kwenye ukurasa wako, akalibandika."

Hata hivyo hakutaka kuhukumu kwa jina. Akapiga mwenyewe ile namba fupi ya menyu, akaweka namba yake ya siri, akasubiri. Salio: 210,000. Halikuongezeka hata senti.

"Labda mtandao umechelewa," wifi alisema, ila sauti ilikuwa imeshuka.

"Ukichelewa, tutasubiri. Mapazia hayaozi."

Wifi alikuwa akitazama mlango. Mama Mapazia naye akatazama meza ya mizigo, akaiona tupu.

"Wifi. Seti iko wapi?"

"Nilishaifunga. Niliona picha nikajua..." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Nimeifunga wekundu."

Pikipiki ilikuwa inaunguruma nje. Mama Mapazia alitoka na miwani puani na futi ya kitambaa shingoni, akashika kiti cha nyuma kwa mikono miwili kama anayezuia ng'ombe.

"Shuka, kaka."

"Mama, si wekundu huu?"

"Ni wekundu wa uongo. Nipe mzigo wangu."

"Mteja kapiga simu mara mbili anasema niwahi."

"Mteja anayelipa hana haja ya kukimbia. Nipe."

Mama Mapazia akautua mzigo, akaurudisha ndani, akaukata ule uzi kwa mkasi mbele ya wifi. Simu ya wifi ikaanza kulia. Mama Mapazia akaichukua.

"Dada, mbona mnanichelewesha?" Ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Yule dada wa samawati ndiye wewe?"

"Mimi ni mumewe. Pesa yetu mmeipokea, mnataka kutuibia?"

"Sijapokea. Nimeangalia salio, halina pesa yako."

"Picha umeiona!"

"Nimeiona. Hata mimi nina picha ya gari ukutani, kwani naliendesha?"

Mwenye pikipiki, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akacheka.

"Basi rudisha hizo laki mbili tu, mapazia baki nayo."

"Sikiliza, baba. Hata kama ungetuma kweli, nisingemrudishia kaka yako. Aliyetuma kimakosa huipigia kampuni yenyewe, ikairudisha pesa kwa njia ile ile iliyojia, kwenye namba ile ile. Mimi nikituma kwa mkono wangu kwingine, kesho kampuni ikiivuta ile pesa ya kwanza, nitabaki na nini? Piga kwa kampuni. Mimi nipo, sihami."

Yakafuata matusi, ya nguoni, mengine mapya kwake. Mwisho akasema atawaandika kwenye ukurasa wao kuwa ni wezi, wateja wakimbie.

"Andika," Mama Mapazia alisema. "Ukimaliza, niambie nisome."

Akaandika kweli. Kabla ya adhuhuri palikuwa na maoni matatu makali chini ya picha ya seti ya samawati, kwa majina matatu tofauti. Wifi alitaka kuyafuta.

"Yaache. Weka na picha yake ya muamala, na ule ujumbe wa bandia, na vile alivyoomba zirudi kwa namba ya kaka. Ficha namba za watu. Halafu andika ninavyokuambia."

Wifi akaandika, naye akisema polepole: "Kuanzia leo, picha hailipi pazia. Hata ujumbe haulipi. Tunaangalia salio kwanza, ndipo mzigo unatoka. Ukizidisha, kampuni itakurudishia. Asiyeweza kusubiri dakika tano, akanunue kwingine, tutamwombea heri."

"Niandike na jina lako la kitambulisho, wateja walilinganishe?"

"Liandike."

"Na wao wezi watalijua, walibandike kwenye picha zao."

"Walijue. Hata wakilijua, hawatanijazia salio." Akavaa miwani vizuri, akapiga magoti tena sakafuni. "Na uzi mwekundu kuanzia leo nakaa nao mimi. Nipe pini."

Wifi akampa pini na kibunda cha uzi, vyote kwa pamoja.