Saa za Salamu Kisiwani

Upepo wa Same una ugomvi wake na karatasi, hasa mwisho wa mwezi. Siku ile ulikuwa umeng'oa mabati mawili na kumbeba kuku mzima hadi ndani ya basi la Tanga. Wanasema alishushwa Hedaru kwa kukosa nauli. Eliufoo alifunga madirisha yote ya ofisi, akabaki na joto, kompyuta na jina la Namelok.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la mabomba na saruji. Ni kampuni ndogo ya ushauri: malisho, maji, mipango ya ardhi ya vijiji. Walioianzisha walikuwa wabia wawili. Mmoja alihamia Dodoma, akabaki Asteria, mama wa Kipare kutoka Mhezi ambaye kwa uchovu wake wa siku hizo angeweza kusinzia amesimama kama punda wa mnadani. Mteja hulipa kwa saa. Kwa hiyo kila mtu hujaza taimshiti: nimefanya nini, kwa mteja yupi, saa ngapi, na saa hizo atozwe mteja au zibaki juu ya kampuni. Eliufoo, mhasibu, huchukua saa za kutoza, huzigawa kwa saa ambazo mtu alitakiwa awe kazini baada ya kuondoa likizo na sikukuu, kisha humpelekea Asteria asilimia ya kila mmoja.

Asilimia hizo zilikuwa zimeota meno. Asteria alishatangaza kwamba atakayekaa chini ya sitini miezi mitatu mfululizo, mkataba wake hautaongezwa. Namelok alikuwa na arobaini, na huu ulikuwa mwezi wake wa tatu.

"Rodgers ana tisini na moja," Asteria alisema, amevua viatu chini ya meza. "Huyu binti ana arobaini. Eliufoo, niandalie barua. Mimi sina nguvu hata ya kuonea huruma."

"Nipe hadi mchana, mama."

"Mchana umeshafika. Huoni jasho?"

Kilichomsumbua Eliufoo kilikuwa hiki: mwezi mzima Rodgers na Namelok walikuwa wakipanda gari moja. Mara sita walishuka pamoja kijijini Kisiwani, kwa wafugaji wa Kimaasai, kwa kazi ya mpango wa malisho inayolipiwa na shirika moja. Waliondoka pamoja na wakarudi pamoja, mavumbi yale yale masikioni. Kwa kila safari Rodgers alimtoza mteja saa tisa. Namelok alitoza mbili.

Akampigia simu. Namelok alikuwa kwao, upepo unavuma kwenye simu utadhani anaongea kutoka ndani ya debe.

"Namelok, mnafika kule saa tatu. Kikao kinaanza saa nane. Hapo katikati unafanya nini?"

"Nasalimia, kaka."

"Saa tano nzima?"

"We unamjua mzee Simon? Anaanza na habari za watoto, anaenda za mvua, anaingia za ng'ombe, mmoja mmoja, na kila ng'ombe ana bibi yake. Ukimkatiza, hakuna kikao. Halafu na mimi nitoe habari zangu. Halafu wafike wa boma la pili, tuanze upya."

"Sasa mbona saa hizo umeziandika kwenye mengineyo, juu ya kampuni?"

"Kaka Eliufoo, nimtoze mtu hela kwa sababu nimemuuliza mama yake kaamkaje? Hiyo siyo kazi. Hiyo ni adabu."

"Anayelipa si mzee Simon, ni shirika."

"Salamu ni zile zile."

Eliufoo alifungua mkataba wa mteja, akausoma polepole kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Safari haitozwi, mteja analipa mafuta tu. Kuingia kijijini na mashauriano na jamii hutozwa, saa kwa saa. Akaubeba hadi mezani kwa Asteria pamoja na taimshiti mbili, akaziweka sambamba.

Asteria alizitazama muda mrefu. Kisha akaita, "Rodgers! Hebu njoo."

Rodgers aliingia anatabasamu. "Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Watu wakisalimiana kule Kisiwani, wewe unakuwa wapi?"

"Nakuwepo, bosi. Kwenye gari."

"Unafanya nini kwenye gari?"

"Najiandaa na kikao."

"Na macho yakiwa yamefumba?" Eliufoo akauliza.

Huyu Rodgers, ndugu msomaji, usingizi wake si wa kawaida. Siku moja alilala kwenye gari, ng'ombe mia mbili wakapita, mmoja akamlamba shavu dirishani, naye akasema "asante mke wangu" akageukia upande wa pili.

"Kimaa sikijui, bosi," Rodgers alijitetea, tabasamu limeanza kuchacha. "Nikikaa pale nakuwa kama nguzo. Na safari je? Ile barabara ni kazi!"

"Ni kazi, ila mteja hatozwi. Soma." Asteria akamsukumia mkataba. "Ankara haijaenda bado, mshukuru Mungu. Nawafungulieni taimshiti wote wawili. Kila mtu arekebishe yake kwa mkono wake. Mimi na Eliufoo hatugusi saa ya mtu."

Rodgers alirekebisha jioni ile ile, akibonyeza vitufe kama anachuna kuku wake mwenyewe. Namelok alikataa siku nzima. Ikabidi Asteria ampigie mwenyewe.

"Binti yangu, mimi ni Mpare, nakuelewa. Kwetu ukiingia nyumbani kwa mtu ukaanza na shida yako, anakuona mwizi. Lakini shirika limekutuma uwasikilize wale watu, na kusikiliza kunaanzia pale. Hatuuzi salamu. Tunaandika ulikuwa kazini."

"Na ile siku niliyokuwa kwa shangazi Resian, kikao kikachelewa kwa saa mbili?"

"Ulikuwa unafanya nini kwa shangazi?"

"Nakunywa chai. Saa nne nzima."

Asteria akafumba macho. "Fanya unavyoona ni haki."

Asubuhi Eliufoo alikokotoa upya. Saa alizotakiwa Namelok kuwa kazini zilikuwa mia moja na sitini. Za kutoza zilitoka sitini na nne zikawa tisini na mbili. Saa nne za chai ya shangazi alizikataa mwenyewe. Angeziandika, angefika sitini kamili. Sasa alikuwa na hamsini na saba na nusu.

"Si umwambie huyu mtoto aandike hiyo chai yaishe?" Eliufoo alisema, amechoka hadi sauti. "Kidogo tu hivi."

Asteria alikuwa anatazama mstari wa Rodgers, ulioporomoka kutoka tisini na moja hadi sitini na tano.

"Eliufoo, ile sitini niliitoa wapi?"

"Ulichukua wastani wetu wa mwaka jana, mama, ukapunguza kidogo."

"Na wastani wetu ulibebwa na nani?"

Eliufoo akaangalia dirishani, kucheka ameona aibu. "Na Rodgers."

"Basi nimekuwa nikimpima aliye macho kwa usingizi wa mlalaji." Alivuta karatasi ya barua aliyoiagiza, ambayo Eliufoo alikuwa ameifikisha kwenye *Ndugu Namelok* tu, akaikunja mara mbili akajipepea nayo. "Tafuta asilimia upya, kwa saa hizi za kweli. Mpaka uipate, hakuna anayefukuzwa hapa. Mkataba wake uandike wa mwaka."

"Na Rodgers?"

"Rodgers atashuka Kisiwani Jumatatu kama kawaida. Ila dereva nimemwambia akishawashusha, afunge gari aondoke na funguo."