Kura ya Heliamu

Nilianza kuchefukwa kabla hata chakula hakijaletwa. Tulikuwa walimu wa kemia kutoka shule mbalimbali za Taita Taveta, tumejazana kwenye bwalo la shule moja mjini Voi kusahihisha mtihani wa pamoja wa kidato cha pili. Mimi natoka Mghange, huko juu kwenye baridi, na joto la Voi huniondolea subira mapema. Lakini kilichonichefua siku ile hakikuwa joto.

Lilikuwa swali la tisa. Lilitoa elementi nne kwa herufi za kubuni, kila moja na mpangilio wake wa elektroni: P ni 2.8.1, Q ni 2.8.8.1, R ni 2, na T ni 2.8.2. Mwanafunzi aliulizwa ni ipi iliyo katika kundi la pili. Jibu ni T, basi. Skimu ya kusahihishia iliyokuwa mezani ilisema R na T, na asiyetaja zote mbili asipewe alama.

Nilidhani ni kosa la kuchapa. Nikainua mkono, nikaeleza kwa upole, maana asubuhi huwa bado nina upole. R ni heliamu. Ni kweli ina elektroni mbili za nje, lakini hilo ni ganda la kwanza, nalo linabeba mbili tu, kwa hiyo limejaa. Haina haja ya kutoa wala kupokea. Ndiyo maana huwekwa kundi la nane, pamoja na neoni na agoni, na haina makuu na mtu. T ni magnesiamu: ina mbili za nje ambazo iko tayari kuzitoa, na ukiiwasha inatoa mwanga wa kuumiza macho. Hizo mbili utaziwekaje kwenye kundi moja?

Aliyetunga swali alikuwa Derrick, mwalimu wa shule moja kubwa ya hapo Voi, mtu wa viatu vya kung'aa na sifa nyingi za kupasisha. Siri ya kupasisha kwake ni kanuni moja anayowakaririsha watoto mpaka waiote: tarakimu ya mwisho ndiyo kundi. Kwa P, Q na T kanuni hiyo inafanya kazi. Inafika kwa heliamu, inaanguka kifudifudi. Yeye hakuwahi kuwaambia watoto kwamba inaanguka.

Nilitazamia aone haya. Badala yake aliniuliza mbona nawapotezea watu muda. Donald, msimamizi wetu, mzee mpole ambaye upole wake ni wa kukimbia matatizo, alisema tusigombane, sisi ni ndugu, tupige kura.

Tukapiga kura. Watu wenye digrii za kemia, wameketi chini ya feni iliyokufa, wanapiga kura kuamua kama ganda la heliamu limejaa au halijajaa. Niliangalia mikono ikipanda mmoja mmoja upande wa Derrick. Wengine waliinua huku wakisoma simu. Upande wangu tulikuwa mimi na Everlyne, mwalimu mgeni kutoka Taveta, naye mkono wake haukupita bega.

Chakula cha mchana kilikuwa mchuzi wa mbuzi. Derrick alikula huku akisahihisha, akifungua kurasa za watoto kwa vidole vyenye mafuta, kisha akivilamba. Sikula. Nilimfuata nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba anajua kabisa R ni nini.

"Madam Phoebe, najua ni heliamu," alisema, wala hakuacha kutafuna. "Lakini wanafunzi wangu wote wameandika R na T. Tukibadilisha skimu leo, mwalimu mkuu ataniuliza nilikuwa nafundisha nini."

Mjinga ningemvumilia, ningemwelewesha. Huyu alijua.

Jioni tulijumlisha alama. Kwenye rundo langu zikaja karatasi za shule yangu, na nikautambua mwandiko wa Rachel kabla sijasoma jina. Rachel anatoka Kishushe, kule barabara zinakovunja magari, anakaa kwa shangazi yake Mghange ili asome. Tangu kidato cha kwanza anasema atakuwa mfamasia. Bila kemia hakuna ufamasia, na shule yetu ina sheria: asiyefikisha hamsini kwenye mtihani huu anaiacha kemia, hasomi tena mpaka amalize.

Alikuwa na arobaini na tisa.

Nikafungua swali la tisa. Alikuwa ameandika T peke yake, na pembeni, bila kuulizwa: "R si kundi la pili kwa sababu ganda lake la nje limejaa." Chini yake, palipoulizwa kati ya P na Q ipi ni kali zaidi, alisema Q, kwa kuwa elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na kiini, inatoka kwa urahisi. Hapo alipewa alama. Lakini juu, kwenye lile jibu la T, palikuwa na mkwaju mwekundu, umepita katikati ya sentensi iliyo sahihi kuliko skimu nzima.

Derrick alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliona jina la shule, akaona jumla, akaelewa. Akaweka kalamu ya buluu kando ya mkono wangu.

"Mwongezee R tu, madam. Herufi moja. Hakuna atakayejua."

Niliishika ile kalamu. Sitasema uongo, niliishika, na ilikuwa inateleza kwa mafuta. Ningeandika R, mtoto angepona, nami ningekuwa nimeweka uongo wa Derrick mdomoni mwa mtoto pekee aliyeukataa. Nikairudisha mezani, nikaenda nje kunawa mikono kwa sabuni, nikanawa tena.

Kesho yake nilimsihi mwalimu mkuu wangu, Bi Moureen. Nilimchorea duara lenye elektroni mbili. Alitazama mchoro kwa huruma, akasema matokeo ni ya pamoja, na akianza kubadilisha ya mmoja wazazi wote watapanga foleni ofisini kwake.

Rachel nilimwambia mwenyewe, nyuma ya maabara. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Kwani mwalimu, R haikuwa imejaa?"

"Ilikuwa imejaa."

"Sawa basi," akasema, akaenda kukusanya vitabu vyake vya kemia avirudishe stoo.

Muhula mpya ulipoanza, skimu ile ilikuwa imeshasambazwa kwa kila shule na watoto walikuwa wameshainakili. Niliingia darasani kufanya marekebisho. Nikaandika ubaoni R, nikaandika 2, nikauliza iko kundi gani. Ni watoto wangu hawa, niliwafundisha kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba ganda likijaa limejaa.

"La pili!" wakaitika wote.

Rachel alikuwa chumba cha pili, kwenye somo la kilimo, na ukuta kati yetu ni wa mbao. Alisikia.