Taiti ya Wifi Tekla

Mwanangu Octavian alipopona homa ya mapafu, niliweka nadhiri: nitatembea kwa miguu kutoka Usoke hadi kanisa kuu la Tabora, bila kupanda hata baiskeli. Wifi yangu Tekla akasema tutakwenda wote.

Asubuhi ya safari nilimkuta anapaka mafuta ya mgando mapajani, kisha akavaa taiti ndefu ya pamba chini ya kitenge. Nikacheka. "Wifi, unaenda kuhiji au kucheza mpira?" Mimi chini ya gauni nilivaa gagulo tu, kama mwanamke mwenye heshima zake. Jeuri yangu hiyo!

Siku ya pili, saa tano, jua likawa kali. Njia ile ya zamani ya misafara ikawa inapepesuka mbele yangu. Niliwaona wapagazi, naapa, wamebeba pembe za ndovu mabegani, wakipita kimya katikati ya miombo. Nikajiuliza mapaja yao walikuwa wanayafanyaje. Yangu yalikuwa yanaungua. Jasho lilikauka likaacha chumvi, na kila hatua chumvi ile ilinisugua. Nikajipaka poda. Ikalowa, ikaganda, ikazidi kuniparuza.

Nikakaa chini nikalia. Bodaboda akasimama: "Mama, panda." Nilitaka kupanda, Mungu anisamehe.

Tekla akamwambia aende zake. Akanipeleka nyuma ya kanisa dogo la Moraviani, kwenye kivuli, akaomba ndoo ya maji baridi.

"Usisugue! Mwagia tu, utoe hiyo poda."

Akanikausha kwa khanga laini, kwa kugusagusa. Ngozi ilikuwa nyekundu, haijapasuka. "Ingekuwa inatoa maji, tungekwenda zahanati," akasema. "Sasa iache ipate hewa."

Nikalala. Wapagazi wakarudi, safari hii wamekaa, wanapepewa na upepo. Octavian alikuwa kati yao, anakula karanga. Nilipoamka jua lilikuwa limepoa. Tekla akanipaka mafuta, akanipa taiti kavu niivae.

Tukatembea. Moto ukawa umetulia, nikawa naimba. Tekla alibaki nyuma, nikamtania kwamba amezeeka.

Kengele ilikuwa inalia tulipoingia uwanja wa kanisa. Nikageuka kumwita. Alikuwa anakuja amepanua miguu, uso umemkunjamana, kitenge amekishika mbali na mapaja.

"Wifi! Kumbe taiti ilikuwa moja?"

"Ningekuambia, ungeivaa?"

Nilimpenda mno wakati ule, na nilijionea aibu.

"Ingia basi, umalize nadhiri yako," akasema.

Mlango ulikuwa hatua kumi tu. Nikaupa mgongo, nikaenda kutafuta ndoo.