Miraba ya Kija

Nianze na kosa langu, maana nikilichelewesha nitalipamba.

Kija Luhende ana uoni hafifu. Kitabu cha kawaida anakisoma kikiwa kimegusana na pua, na baada ya nusu saa macho yanamtiririka machozi. Kichwa chake lakini hakina tatizo lolote. Yuko kidato cha nne katika shule yetu ya Buhongwa, na mimi, Specioza, ndiye mwalimu wake wa Jiografia na mwalimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Cheo hicho cha pili nilipewa kwa sababu niliwahi kuhudhuria semina ya siku tatu.

Kija alitaka kidato cha tano asome tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu, yenye Jiografia. Mkuu wetu wa shule, Mzee Machibya, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na huruma ya kuchosha. Alisema mtoto asiyeona ramani tusimpeleke akaumbuke huko mbele. Nikambishia mpaka akakubali jambo moja: mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, ndio utakaoamua. Kija akipata nusu ya maksi za swali la ramani, yaani tano kati ya kumi, yeye mwenyewe Mkuu atamsainia fomu ya kuchagua tahasusi. Akikosa, atamshauri baba yake, kule Usagara, amtafutie njia nyingine. Na mzee Luhende humsikiliza Mkuu kuliko anavyomsikiliza padri.

Mwalimu wa taaluma, Muganyizi, alikuja na wazo lake. Tumwondolee Kija swali la kupima umbali, badala yake aeleze kwa maneno maana ya kipimio cha ramani. Nilimjibu vibaya, na sijutii. Swali linapima kama mtoto anaweza kupima barabara na kuigeuza kuwa kilomita. Halipimi macho. Nikamwambia nitaondoa shida ya macho na kupima kutabaki palepale, na watoto wote watajibu swali lilelile. Muganyizi, Mhaya mwenzangu, akacheka akasema wanawake wa Muleba tumezaliwa na hoja mdomoni.

Basi nikafanya kazi kwa mbwembwe. Maswali nikayachapa kwa herufi kubwa, swali moja kila ukurasa, karatasi isiyong'aa. Ramani nikaipeleka stationari, ikakuzwa kutoka A4 hadi A3. Nikaikolezea kontua, ile mistari ya miinuko, kwa kalamu nyeusi. Chini ya ramani kulikuwa na mstari wa kipimio, ule uliogawanywa kwa kilomita, nikaukata kwa mkasi ili kupunguza vurugu. Kipimio si kipo kwenye swali, nilijiambia. Moja kwa elfu hamsini, kama kwenye karatasi za wenzake.

Siku ya mtihani Kija alikaa chumba cha peke yake pamoja na msimamizi, Mwalimu Masele. Mimi nilikuwa kwenye korido nje, kwa kuwa mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia. Zilipopita dakika arobaini Masele akatoa kichwa mlangoni. Mtoto anasema ramani na swali havipatani, afanyeje?

Nikajibu bila hata kusimama: "Afanye kama ilivyoandikwa."

Ndivyo tunavyojibu walimu wote, miaka nenda rudi. Masele akarudi ndani, nami nikaendelea kusahihisha madaftari. Daftari la tatu nikaacha kalamu. Mashine ilikuza barabara, mito, miraba, kila kitu, ila namba niliyoichapa mimi haikujua chochote kuhusu mashine. Barabara ya sentimita kumi na mbili na kitu sasa ilikuwa na sentimita kumi na saba na nusu. Anayetumia elfu hamsini atapata karibu kilomita tisa, na jibu ni sita na kitu. Mstari nilioukata ulikuwa umekuzwa pamoja na ramani, na ulibaki mkweli. Nilikuwa nimekata kitu pekee ambacho kingemwokoa.

Nilikimbia hadi ofisini nikiwa na kiatu kimoja kimefunguka. Muganyizi alinisikiliza, kisha akatoa dawa yake: tumpe maksi zote za sehemu hiyo, yaishe. Nikamwambia akipewa bure, Mkuu atasema kila siku kwamba alipewa, na yeye mwenyewe Kija atajua. Nikapekua droo yangu kama mwendawazimu. Ule mstari niliukuta umejikunja chini ya chaki. Nikamwomba Mkuu ruhusa ya kumpelekea, pamoja na muda wa kufidia alioupoteza. Mstari alikubali. Muda alikataa, kwa sababu saa nane chumba kilikuwa na mtihani mwingine.

Masele alimpa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sikuvuka kizingiti. Kija aliusogeza mstari puani, akautazama, akautazama tena. Halafu akalaza uso juu ya meza. Karatasi yake ya majibu ilikuwa imetoboka mahali alipofuta kwa nguvu.

Aliniambia baadaye, tukiwa tumekaa ngazini, macho yake mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

"Nilikuwa nimepata, madam. Nilipima mraba mmoja nikaona una sentimita mbili nukta nane. Ulitufundisha kwa elfu hamsini kila mraba una mbili. Nikaacha namba, nikapima barabara kwa uzi nikagawa kwa mraba, maana kila mraba ni kilomita moja. Nikapata sita nukta mbili."

"Sasa kwa nini ulifuta?"

"Ulisema nifanye kama ilivyoandikwa."

Nililia mbele ya mwanafunzi, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Alipata nne. Jibu la umbali alilirudia kwa ule mstari, likawa sahihi, lakini maswali mawili ya mwisho ya ramani hakuyagusa. Mkuu alitikisa kichwa kwa ile huruma yake. Muganyizi akanong'ona kwamba maksi moja inapatikana tu, mtoto mwenyewe kaonewa. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu, na sitadanganya, niliifungua.

Nikamwita Kija nimwambie kuhusu ile maksi moja. Alisimama wima kabisa.

"Madam, nipe ramani nyingine. Usinipe maksi."

Niliandika barua ya kukiri kosa langu, nikaisaini, nikaiacha mezani kwa Mkuu. Fomu zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi akatoa ruhusa: sehemu ya ramani tu, mara moja tu, muda uleule wa wenzake na nyongeza ya dakika anayostahili kwa ajili ya macho yake.

Safari hii nilichukua ramani ya sehemu za Nansio, nikaikuza mara mbili kamili, karatasi mbili zikaunganishwa kwa gundi. Kipimio nikakibadili kuwa moja kwa elfu ishirini na tano. Mstari wa kilomita nikauacha mahali pake. Idadi ya maswali na ugumu wake vilibaki vilevile. Nilipima mraba mmoja mmoja kwa rula mpaka mgongo ukauma, na yote ilikuwa na sentimita nne.

Masele aliniruhusu nimkabidhi karatasi mwenyewe kabla ya saa kuanza kuhesabiwa. Nikamwambia Kija nimeshaipima yote, asipoteze muda.

Aliitikia kwa heshima. Kisha akainama, akaweka rula yake juu ya mraba wa kwanza. Akapima wa pili. Akapima na wa tatu, kule pembeni.

Alipata nane, na Mkuu akasaini fomu yake. Ila mpaka leo, karatasi yoyote nitakayompa yule mtoto, anaipima kwanza.