Kivuli cha Mama Kagiri

Kivuli pekee kilichokuwa karibu kilikuwa cha Mama Kagiri, na Wepukhulu alikuwa ameapa mbele ya stendi nzima ya Kawangware kwamba hatakanyaga pale hata jua likianguka.

Waligombana wiki iliyopita. Mama Kagiri, mwenye ploti na duka la unga, alimwambia aondoe kiti chake cha kushonea viatu chini ya turubai lake. "Wakuja nyinyi, mkipewa mahali pa kukaa mnataka na pa kulala!" Wepukhulu naye akamjibu maneno ambayo kijana hamwambii mama wa rika la mama yake. Akahamisha vitu vyake hadi ng'ambo ya barabara. Kisha upepo ukaupasua mwavuli wake.

Sasa Lenah, mkewe, alikuwa amelazwa hospitali baada ya upasuaji, na mtoto wao Nelima, wa miezi miwili, hakuwa na mwingine wa kumshika. Wepukhulu alikuja naye kazini. Alijiandaa vizuri, au ndivyo alivyodhani. Alimpaka losheni ya jua mwili mzima, ile ambayo muuzaji aliisifu kwamba hata wazungu hupaka. Akamvika marvin, kofia ya sufu ya kubana kichwa, akamfunga shali nzito, na juu yake akatandaza blanketi ili jua lisimguse. Kisha akamlaza kwenye beseni kando ya miguu yake.

Asubuhi mtoto alilia. Mchana akanyamaza.

"Amelala," Wepukhulu alimwambia Kavoi, mteja aliyesubiri kiatu chake.

Kavoi aliinama, akafunua blanketi. "Msee, huyu hajalala. Angalia rangi ya uso."

Wepukhulu akamshika. Shingo ilikuwa ya moto kama bati, kichwa kikaangukia upande. Losheni ilikuwa imechanganyika na jasho kwenye mikunjo ya shingo. Alichofanya kwanza ni kitu cha kijinga: alitafuta chupa ampake tena.

"Wachana na hiyo mafuta! Mtoe kwa jua!"

"Wapi?"

Kavoi akageuka. Alitazama turubai ng'ambo ya barabara.

Wepukhulu alivuka mbio akiwa amemkumbatia, pikipiki zikimpigia honi. Alisimama chini ya turubai.

"Mama Kagiri. Mtoto wangu. Tafadhali."

Mama Kagiri alimwangalia yeye kwanza, kisha akamwangalia mtoto. Akamnyang'anya. Alivua marvin, akavua shali, akavua sweta ambalo Wepukhulu alikuwa amelisahau kabisa, akaanza kumfuta kwa kitambaa chenye maji.

"Umepika mtoto, wewe! Simamisha boda, twende!"

Katika zahanati, muuguzi Waceke alimpima, akamsikiliza kifua, na mtoto alipofumbua macho akamwambia Wepukhulu ajaribu kumpa maziwa ya kopo ya watoto kwa kikombe. Walingoja. Wepukhulu hakuwa amewahi kumwomba Mungu kwa maneno machache vile: anywe, anywe tu. Hatimaye ulimi mdogo ukajikunja, akameza. Kisha akalia, sauti nyembamba yenye hasira.

"Tutakaa naye hapa kwanza," Waceke alisema. "Joto likipanda tena tunampeleka hospitali. Nani alikwambia umpake hii?"

"Ni ya jua, sister."

"Ngozi yake bado nyembamba, dawa inapenya kwa urahisi. Na hata ingekuwa nzuri, losheni haipunguzi joto. Mtoto hajui kujipoza kama wewe. Marvin inafungia joto kichwani, na blanketi linazuia hewa. Huyu anataka kivuli. Nguo moja nyepesi ya pamba, na kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana ule muda mnapita juani tu. Kofia si nyumba. Mguse shingo kila mara."

Kesho yake Nelima alikuwa mzima, na Lenah bado alikuwa wodini. Wepukhulu alisimama tena mbele ya duka la unga. Binti yake alikuwa ndani ya beseni, amevaa kofia ambayo baba aliishona usiku kwa sindano ya viatu, kutoka kwa leso ya Lenah, ukingo ukifunika uso, masikio na shingo.

"Mama Kagiri, yale maneno yangu..."

"Yale maneno nitayakumbuka mpaka nizikwe." Akanyoosha mikono. "Leta mtoto. Wewe rudi kwa jua lako."

"Ni sawa," alisema, lakini miguu ilikuwa palepale.

"Si nimesema urudi?"

Akavuka barabara mikono mitupu. Alishona huku jua likimchoma utosini, na kila baada ya mishono michache aliinua macho. Jua lilihama, na kivuli cha turubai kikaanza kusogea kuelekea ukutani. Wepukhulu akainuka nusu. Mama Kagiri, bila kumtazama, akalivuta beseni kwa mguu mpaka ndani zaidi ya kivuli, kisha akaingiza mkono kugusa shingo ya mtoto.